Pengo Katika Picha: Jinsi Modeli Inavyojaza Isichokiona

Kujaza pengo katika picha, kazi ambayo wataalamu wa kompyuta huiita inpeinting, ni kuifuta sehemu fulani ya picha na kuweka mahali pake kitu kinachoafikiana na kilichobaki. Sehemu hiyo inaweza kuwa mkwaruzo katika picha ya zamani, waya wa umeme uliokatiza mbele ya nyumba, au mtu asiyehusika aliyepita nyuma ya maharusi wakati kamera inabofywa. Utaratibu wenyewe umeazimwa kwa mafundi wanaokarabati michoro ya kale katika majumba ya makumbusho. Rangi inapobanduka, fundi hupaka ndani ya pengo tu na kuiacha kama ilivyo kazi ya mchoraji wa kwanza. Mwaka 2000 Marcelo Bertalmío, Guillermo Sapiro, Vicent Caselles na Coloma Ballester walitoa makala iliyoufikisha utaratibu huo kwenye kompyuta, na sharti la mafundi wale likabaki palepale: nje ya pengo hakiguswi kitu.

Programu inayofanya kazi hii hupewa vitu viwili. Cha kwanza ni picha, ambayo kwa kompyuta ni jedwali la vidoto vidogo viitwavyo pikseli. Kila pikseli hubeba namba tatu, za rangi nyekundu, kijani na buluu, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255. Cha pili ni maski, yaani picha nyingine yenye vipimo vilevile lakini isiyo na rangi, nyeusi na nyeupe tu. Kwa kawaida palipo peupe katika maski panajazwa, na palipo peusi panaachwa. Mtu anapopitisha kidole kwenye skrini ya simu juu ya kitu anachotaka kiondoke, au anapokizungushia mstari, anachochora ni maski hiyo, hata kama simu haimwambii.

Hapa ndipo penye jambo ambalo watumiaji wengi hulikosea. Hudhaniwa kwamba kitu kikiondolewa, kilichokuwa nyuma yake hujitokeza, kama vile kilikuwa kimehifadhiwa chini yake. Hakikuhifadhiwa popote. Mwanga uliotoka nyuma ya mtu aliyesimama mbele ya kamera haukufika kwenye lenzi, kwa hiyo hakuna namba hata moja katika faili inayoeleza kilichokuwa pale. Pikseli zilizo chini ya maski nazo hutupwa zisije zikaitatiza kazi. Programu inabakiwa na kilicho kando ya pengo, pamoja na chochote ilichojifunza kabla ya kuiona picha hiyo. Njia zote za kujaza pengo hutofautiana kwa namna zinavyotumia vitu hivyo viwili.

Mfano mmoja utatosha kuzionyesha. Picha imepigwa asubuhi ufukweni Bagamoyo, na mpiga picha amechuchumaa akiielekea bahari. Upande wa kushoto amesimama mama aliyevaa khanga. Kulia kwake, nyuma kidogo, anapita mwanamume mwenye fulana nyekundu ambaye familia haimjui. Miguu yake iko mchangani, kiuno chake kinakata mstari ambapo maji yanakutana na mbingu, na kifua chake kimeficha nusu ya nyuma ya jahazi lililo mbali. Omo na sehemu ya tanga vinaonekana, tezi haionekani. Jua liko upande wa bahari, hivyo kivuli kirefu cha mwanamume huyo kimelala mchangani kikimwelekea mpiga picha. Picha ina pikseli 512 kwa 512, ambazo jumla ni 262,144. Mwanamume na kivuli chake wamechukua eneo la pikseli 90 kwa upana na 260 kwa urefu, yaani kama pikseli 23,400, chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya picha yote.

Pengo hili moja limebeba kazi tatu zisizofanana. Kuna mchanga, ambao hauna umbo maalumu bali una chembechembe zinazojirudia. Kuna mstari wa upeo, ambao unajulikana unapoingilia na unapotokea. Na kuna jahazi, ambalo haliwezi kukamilishwa na mtu au mashine isiyojua jahazi ni kitu gani.

Njia ya Bertalmío na wenzake ingeufurahia mstari wa upeo. Programu huanzia ukingoni mwa pengo, hutazama mistari ya mng'ao inaelekea wapi, kisha huivuta ndani kidogo kidogo, duru baada ya duru, mpaka pande zote zikutane. Kwa mkwaruzo wenye upana wa pikseli tatu au tano njia hii ni nzuri sana, na mpaka leo haijapitwa na wakati. Maktaba ya programu iitwayo OpenCV, inayotumiwa bure duniani kote, ina njia mbili za jamii hiyo, mojawapo ikiwa ya Alexandru Telea ya mwaka 2004. Lakini pengo la pikseli 90 ni pana mno. Rangi zinazovutwa kutoka pande mbili hulainika kadiri zinavyosafiri, na zinapokutana katikati chembe za mchanga zimeshapotea na kubaki ukungu wa rangi ya kahawia. Mtazamaji huona doa tu, pasipo ufukwe.

Kizazi kilichofuata kiliacha kuvuta rangi kikaanza kunakili. Alexei Efros na Thomas Leung walikuwa wameonyesha mwaka 1999 kwamba uso wenye chembe zinazojirudia unaweza kukuzwa kwa kutafuta mahali pengine katika picha panapofanana na ukingo, kisha kuchukua kilichopo pale. Antonio Criminisi, Patrick Pérez na Kentaro Toyama wakaiendeleza fikra hiyo mwaka 2003 kwa kutumia viraka, kwa mfano vya pikseli tisa kwa tisa. Walichoongeza cha maana zaidi ni zamu. Kiraka cha kwanza huwekwa mahali ambapo mstari wenye nguvu unaingia katika pengo, na sehemu tulivu husubiri. Katika picha ya Bagamoyo mstari wa upeo ungejengwa kwanza, kisha mchanga na mbingu vingefuata. Zamu ikikosewa, mchanga hupanda juu ya maji na mstari hukatika njiani. Tatizo la njia hii lilikuwa muda, kwa kuwa kutafuta kiraka kinachofaa katika picha nzima huchosha kompyuta. Mwaka 2009 utafutaji huo ulirahisishwa na mbinu iitwayo PatchMatch, na mwaka uliofuata Photoshop ikaanza kuwauzia watu chombo cha kujaza mapengo kilichojengwa juu yake.

Kwa mchanga, viraka havina mpinzani. Ni mchanga wa picha ileile, wenye mwanga uleule na chembe za kamera ileile. Kwenye jahazi ndipo vinaposhindwa. Hakuna tezi nyingine katika picha ambayo inaweza kunakiliwa, kwa hiyo programu huchukua inachokipata: huikata jahazi palepale na kuweka bahari, au hunakili omo na kulipa jahazi ncha mbili za mbele. Wakati mwingine hunyofoa kipande cha khanga ya mama na kukipachika angani. Kosa la namna hii ni rahisi kulitambua, na lina uaminifu fulani ndani yake, maana kila kilichowekwa ni kitu kilichokuwa mbele ya kamera siku ile.

Ili jahazi likamilike lazima programu iwe imewahi kuona vyombo vya baharini. Hiyo ndiyo sababu ya kuingia kwa modeli zinazofunzwa. Mwaka 2016 Deepak Pathak na wenzake huko Berkeley walionyesha kwamba kazi ya kujaza pengo haihitaji mwalimu. Picha nzima huchukuliwa, kipande chake huzibwa, modeli hukisia, kisha kisio hulinganishwa na kipande halisi kilichozibwa. Tofauti inapokuwa kubwa, namba za ndani ya modeli hurekebishwa kidogo. Zoezi hilo hurudiwa kwa mamia ya maelfu au mamilioni ya picha. Modeli haihifadhi picha hizo kama albamu. Kinachobaki ni namba nyingi zinazobeba mazoea ya dunia ya picha, kwamba chini ya paji la uso huwa na macho, na kwamba mbele ya tanga huwa na mlingoti.

Jaribio hilo lilifichua ugumu ambao unaeleza karibu kila kitu kilichokuja baadaye. Modeli ikiadhibiwa kwa kila pikseli inayotofautiana na ile halisi, hujifunza ujanja. Nusu ya jahazi iliyofichwa inaweza kuwa na tezi ndefu au fupi, na tanga linaweza kuwa limejaa upepo au limelegea. Modeli haijui ni ipi. Ikichagua moja na kukosea, adhabu ni kubwa. Ikitoa wastani wa zote, adhabu ni ndogo. Basi hutoa wastani, na wastani wa matanga kumi ni wingu la kijivu lisilofanana na tanga lolote. Kwa hesabu hilo ndilo jibu salama, lakini kwa macho ni jibu baya kabisa. Pathak na wenzake walipunguza ukungu huo kwa kuweka modeli ya pili yenye kazi ya kubaini picha bandia, ili ile ya kwanza ilazimike kutoa kitu kinachoaminika. Modeli nyingi za miaka iliyofuata zilipita njia hiyo, ikiwemo LaMa ya mwaka 2021, ambayo ni hodari kwa uzio, madirisha na mapambo yanayojirudia.

Modeli zinazotumiwa zaidi sasa hulikwepa tatizo la wastani kwa namna nyingine. Msingi wake ni chenga, zile zilizokuwa zikijaa kwenye skrini ya televisheni antena ikipoteza mawimbi. Wakati wa mafunzo picha safi hutiwa chenga kwa viwango tofauti, mara nyingi viwango 1,000, kuanzia kile ambacho jicho halikioni hadi kile ambacho picha imezama kabisa. Modeli huonyeshwa picha iliyochafuliwa, huambiwa kiwango, na hutakiwa kukadiria chenga zilizoongezwa. Ikishaiweza kazi hiyo, inaweza kuanza na chenga tupu na kuzipunguza hatua kwa hatua mpaka picha itokee. Jonathan Ho, Ajay Jain na Pieter Abbeel walionyesha mwaka 2020 kwamba picha zinazopatikana hivyo ni nzuri kweli.

Ukungu unaepukwa kwa sababu uamuzi haufanywi kwa mara moja. Hatua za mwanzo huamua mambo makubwa tu: hapa mbingu, hapa maji, hapa kitu cheusi kinachoelea. Chenga zilizoanzia mle, ambazo ni za bahati nasibu, huisukuma modeli upande mmoja. Ikishaegemea kwenye tanga lililojaa, hatua inayofuata haina tena haja ya kufikiria tanga lililolegea, bali hulichonga lile lililokwisha anza. Matokeo yake ni jibu moja kamili badala ya mchanganyiko wa majibu. Ndiyo maana programu hiyohiyo, ikipewa picha hiyohiyo na maski hiyohiyo lakini chenga nyingine za kuanzia, hutoa jahazi jingine. Programu nyingi hutoa matokeo matatu au manne ili mtumiaji achague, na huko kuchagua kwenyewe ni ungamo kwamba hakuna hata moja lililo la kweli.

Kuibana modeli ya namna hii iheshimu sehemu isiyo na maski kunafanywa kwa njia mbili. Ya kwanza haihitaji mafunzo mapya. Katika kila hatua, picha asili hutiwa chenga za kiwango kile ambacho modeli imefikia, kisha sehemu zake zisizo na maski hupachikwa juu ya kazi ya modeli. Hesabu yake ni mstari mmoja:

```
x = m * x_modeli + (1 - m) * x_asili
```

Herufi m ni maski: 1 mahali pa kujazwa na 0 mahali pa kuachwa. Palipo na 1 kinachukuliwa cha modeli, palipo na 0 kinachukuliwa cha picha asili. Modeli huendelea na hatua inayofuata ikiwa imekumbushwa kwamba kushoto kuna mama, juu kuna mbingu na omo la jahazi liko pale. Njia hii ina kasoro moja. Sehemu asili hupachikwa bila kujali kilichochorwa ndani ya pengo, hivyo rangi ndani na nje zinaweza kukubaliana huku maana zikipishana. Nusu ya jahazi ikawa jahazi na nusu ikawa mwamba. Andreas Lugmayr na wenzake walipendekeza dawa mwaka 2022 katika kazi iitwayo RePaint: baada ya kusonga mbele hatua kadhaa, picha hurudishwa nyuma kwa kutiwa chenga tena, kisha modeli husonga mbele upya, mara kadhaa, ili pengo na mazingira yake vipate nafasi ya kupatana. Matokeo ni mazuri, ila muda unaotumika huongezeka sana.

Njia ya pili ni kuifunza modeli kwa ajili ya kazi hii tangu awali. Stable Diffusion, iliyotolewa kwa umma Agosti 2022, ina toleo la namna hiyo. Modeli hii haifanyi kazi juu ya pikseli zenyewe bali juu ya picha iliyobanwa. Sehemu yake ya kwanza hugeuza kila mraba wa pikseli nane kwa nane, wenye namba 192, kuwa chumba kimoja chenye namba nne. Picha ya Bagamoyo hugeuka jedwali la vyumba 64 kwa 64, na namba zake hupungua mara 48. Toleo la kujaza mapengo hupokea, katika kila hatua, matabaka tisa ya jedwali hilo: manne ya picha inayosafishwa chenga, manne ya picha asili iliyotobolewa pengo, na moja la maski. Kwa kuwa mazingira na mpaka viko mbele yake muda wote, haitegemei kukumbushwa kwa kupachikiwa.

Katika mfano wa Bagamoyo, pengo la 90 kwa 260 huwa kama vyumba 12 kwa 33, chini ya 400 kati ya vyumba 4,096. Vyumba hivyo hujazwa chenga. Katika kila hatua, na hatua zenyewe kwa kawaida ni kati ya 20 na 50, kila chumba hulinganishwa na vingine vya picha ili kujua kinapaswa kukubaliana na nani. Chumba kilicho kwenye usawa wa upeo huvutwa na vyumba vya upeo vilivyo kushoto na kulia, hata kama viko mbali, na mstari hunyooka. Vyumba vya chini hufuata mchanga. Vile vya kifuani huvutwa na omo na kipande cha tanga kilichobaki, na mazoea ya mamilioni ya picha huwaelekeza yaliyosalia. Mtumiaji akiandika maelekezo ya maneno, nayo huingia hapa kama mvuto mwingine. Hatua zikiisha, sehemu ya mwisho ya modeli huufungua mbano na kurudisha pikseli.

Kubana huko kuna gharama. Herufi zilizopakwa ubavuni mwa chombo au uso wa mtu aliye mbali havitoshi katika namba nne, kwa hiyo hutoka vimevurugika. Picha nzima pia hupita katika mbano, na hata uso wa mama, ambao maski haikuugusa, hurudi ukiwa umebadilika kidogo. Programu iliyotengenezwa vizuri humaliza kwa kuchukua kutoka kwa modeli sehemu ya maski tu, na nyingine zote kutoka faili la mwanzo, huku ukingo ukififishwa kwa upana wa pikseli chache ili mshono usionekane. Programu isiyofanya hivyo huvunja sharti la mafundi wa michoro bila mwenye picha kujua.

Kosa linalowatatiza watumiaji kuliko yote halitokani na modeli bali na maski. Mtu humfunika mwanamume wa fulana nyekundu kwa uangalifu, hukiacha kivuli chake mchangani, kisha hushangaa kuona programu imeweka mwanamume mwingine mahali palepale. Modeli imefanya ilichofunzwa. Kivuli cha mtu kilichoanza ghafla mchangani kinahitaji mwenyewe, na njia rahisi ya kukipatanisha na picha ni kumweka mtu pale. Hali ni hiyohiyo kwa taswira kwenye maji au kioo, na kwa mkono uliosahaulika begani mwa mtu mwingine. Maski iliyobana sana nayo huleta shida. Pembezoni mwa fulana kuna pikseli zilizochanganya wekundu na rangi ya nyuma. Zikibaki nje ya maski, modeli huzichukua kuwa kweli na kuota kitu chekundu, pengine boya au bendera. Dawa ya yote mawili ni maski inayovuka mipaka ya kitu kwa pikseli nane au kumi na kukimeza kivuli chote.

Kosa jingine linatokana na kilichofunzwa. Stable Diffusion ilifunzwa kwa picha zilizokusanywa mtandaoni, nyingi zikiwa na maelezo ya Kiingereza. Mashua za starehe za Ulaya na Marekani zimepigwa picha na kuelezwa kwa lugha hiyo mara nyingi kuliko vyombo vya mwambao wetu. Omo likionekana vizuri, modeli inaweza kufuata umbo lake. Likiwa limefifia, mazoea ndiyo hushinda, na jahazi linaweza kumaliziwa kwa tanga jeupe la pembetatu lenye mlingoti wima, au ngalawa ikakosa matengo yake. Mgeni hataona tatizo. Mvuvi wa Bagamoyo ataliona mara moja, na jicho lake hapo ni kipimo kizuri kuliko programu nyingi za kutambua picha bandia.

Anayetaka kujua kama picha imejazwa ana mambo machache ya kutazama. Kamera huacha chembe ndogo za chenga katika picha nzima, hasa sehemu za giza. Kipande kilichochorwa na modeli mara nyingi huwa laini kupita jirani zake. Ulaini huo huzidi picha inapokuwa kubwa. Picha ya simu ya pikseli 4,000 kwa 3,000 huenda ikakatwa kuzunguka pengo, ikapunguzwa mpaka 512, ikajazwa, kisha kipande kikakuzwa kurudi ukubwa wake, na ukuzaji hauwezi kuleta undani ambao haukuchorwa. Vivuli vinavyolala pande tofauti chini ya jua moja, kamba isiyo na inakofungwa, mstari wa upeo unaoshuka kidogo baada ya kupita nyuma ya kitu, vyote ni dalili. Lakini dalili zikikosekana haithibitishi kitu. Mchanga na mbingu vilivyojazwa vizuri havitambuliki kwa macho, hata ya mtaalamu.

Ipo mipaka ambayo ukubwa wa modeli hauivuki. Namba ya gari iliyofunikwa kwa stika, uso uliozibwa kwa mraba mweusi, au maneno yaliyoliwa na mchwa katika cheti cha zamani havirejeshwi kwa kujaza pengo. Modeli italeta namba iliyo safi, uso wenye macho mawili na maneno yaliyonyooka, kwa sababu kazi yake ni kuleta kinachowezekana, na mambo yanayowezekana ni mengi mno. Kadiri kilichofichwa kinavyokuwa cha pekee, ndivyo kisio linavyokuwa mbali na ukweli huku likizidi kupendeza.

Picha ya mama wa Bagamoyo, ikishajazwa, inafaa kutundikwa ukutani. Haifai kupelekwa mahakamani wala kuwa ushahidi kwamba asubuhi ile hapakuwa na mtu mwingine ufukweni, na tezi ya jahazi lile isichukuliwe kuwa kumbukumbu ya chombo kilichowahi kuelea. Anayehariri picha ya familia na aitunze nakala ya kwanza katika faili tofauti. Akihifadhi mpya juu ya ya zamani, namba za mwanamume wa fulana nyekundu zimekwenda, na hakuna programu inayoweza kuzirudisha.